Mtaa mmoja, hati kwa baadhi: uchambuzi wa kisa cha San Francisco Solano, Argentina

Kwa nini kisa hiki

Anayetafuta sababu ya nchi moja kutajirika na nyingine kubaki nyuma hukutana mapema na fundo gumu. Nchi tajiri kwa kawaida zina mahakama zinazoaminika, daftari la ardhi linaloeleweka na serikali isiyomwamkia raia na tingatinga. Nchi maskini mara nyingi hazina. Lakini je, sheria nzuri ndiyo iliyozaa utajiri, au utajiri ndio uliogharamia sheria nzuri? Kulinganisha nchi na nchi hakulifungui fundo hilo kirahisi, kwa sababu nchi hutofautiana kwa mengi: udongo, bahari, historia ya ukoloni, elimu, vita.

Fundo hilo hilo lipo hata mtaani. Ukikuta wenye hati miliki wana nyumba bora kuliko wasio na hati, usiseme haraka kwamba hati ndiyo iliyojenga nyumba. Huenda wenye bidii na kipato ndio waliokwenda kuitafuta hati.

Kisa cha San Francisco Solano, kitongoji kilichoko Quilmes kusini mwa jiji la Buenos Aires, ni cha thamani kwa sababu humo hati ziligawanyika kati ya majirani bila wao kuchagua. Wanauchumi wawili wa Argentina, Sebastián Galiani na Ernesto Schargrodsky, ndio waliokifuatilia na kukipima. Familia na wamiliki wa awali hawatajwi hapa kwa majina, wala uchambuzi hauhitaji majina yao.

Usuli

Mwaka 1981 Argentina ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioshika madaraka mwaka 1976. Nyumba za kupanga mjini zilikuwa ghali na maskini wengi walikuwa hawana pa kuegemea. Familia zipatazo 1,800, zikiratibiwa kupitia kanisa dogo la Kikatoliki la mtaani, ziliingia kwenye pori lisilofika kilomita 3 za mraba na kuanza kujenga. Walijigawia eneo kwa viwanja vyenye umbo la viwanja vya mji, wakitumaini kwamba siku moja makazi yao yatatambuliwa kisheria.

Waliamini ardhi hiyo ni ya serikali. Kumbe ilikuwa ya watu binafsi, vipande 13 vyenye wamiliki tofauti. Wakazi hawakulijua hilo walipokuwa wakichagua pa kusimamisha vibanda vyao, na mipaka ya vipande haikuonekana kwa macho. Kutokujua huko ndiko kulikokuja kuwa msingi wa ushahidi wote.

Jeshi lilijaribu zaidi ya mara moja kuwaondoa. Walistahimili hadi utawala wa kiraia uliporudi mwishoni mwa 1983.

Mfuatano wa matukio

Oktoba 1984 bunge la Jimbo la Buenos Aires lilipitisha sheria namba 10,239. Iliagiza ardhi itwaliwe kwa wamiliki kwa kulipwa fidia, kisha igawiwe kwa wakazi waliokuwa wakiishi juu yake.

Serikali ilikwenda kwa kila mmiliki na ofa iliyopigwa kwa kanuni moja: thamani iliyoandikwa na mamlaka ya kodi, ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei. Mwaka 1986 wamiliki 8 waliikubali. Wengine 5 waliona fidia ni ndogo, wakaenda mahakamani kudai zaidi.

Mwaka 1989 wakazi wa vipande vile 8 walikabidhiwa hati zao. Wa vipande 5 walibaki wakisubiri kesi ambazo wao wenyewe hawakuwa sehemu yake. Kesi moja ilimalizika mwaka 1998. Watafiti walipoanza kupima mwaka 2003, nyingine 4 zilikuwa bado mahakamani, karibu miaka 20 tangu sheria ipitishwe.

Hivyo ndivyo mtaa mmoja, uliovamiwa na watu wa aina moja katika mwaka mmoja, ulivyogeuka kuwa wa makundi mawili. Tuseme familia mbili zilipiga kambi siku moja, zikitenganishwa na njia ya vumbi. Moja iliangukia kipande cha mmiliki aliyepokea fidia, nyingine kipande cha mmiliki aliyekataa. Kilichozitenga ni uamuzi wa mtu ambaye huenda hazikuwahi kumwona. Wala mmiliki hakuamua kwa kutazama bidii ya wakazi, kwa sababu vibanda walivijenga wao na havikuingia katika thamani ya ardhi aliyolipwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mzito ulikuwa wa bunge. Lingeweza kuwafukuza wakazi, jambo lililokwisha kuwashinda wanajeshi wenye bunduki. Lingeweza kuacha muda upite ili wakazi wadai umiliki kwa ukaaji wa miaka mingi. Lingeweza pia kutangaza ardhi ni ya wakazi na kuwaacha wamiliki mikono mitupu. Lilichagua utwaaji wenye fidia, na naona lilichagua vyema. Serikali inayomnyang'anya mmoja ili impe mwingine hati inamwonyesha huyo anayepewa jinsi hati yake itakavyotendewa upepo ukigeuka. Kwa kulipa, jimbo lilikuwa likilinda haki ya wamiliki wa zamani na ya wamiliki wapya kwa tendo lile lile.

Uamuzi wa pili, kupiga fidia kwa thamani ya kitabu cha kodi, ulikuwa na sababu nzuri: ni kanuni moja kwa wote, haraka, isiyoacha nafasi ya afisa kujadiliana pembeni. Udhaifu wake ni kwamba thamani ya kitabu na thamani ambayo mwenye ardhi anaamini ataipata sokoni hazilingani, na pengo hilo ndilo lililowapeleka watano mahakamani.

Wa tatu ulihusu wakazi wenyewe. Hati zilitolewa kwa masharti kwamba kiwanja kisihamishwe kwa miaka 10 ya mwanzo. Nia ilikuwa kuwakinga wasirubuniwe na wanunuzi kisha wakavamie kwingine. Lakini kiwanja kisichoweza kuuzwa ni vigumu kukiweka rehani, na jambo hilo litarudi tutakapofika kwenye mikopo.

Matokeo

Kabla ya kulinganisha, watafiti walikagua kama viwanja vya pande zote mbili vilifanana mwanzoni: ukubwa wake, umbali wake kutoka kwenye vijito vinavyopita eneo hilo, na hali za waliovikalia awali. Vilifanana kwa kiasi cha kutosha. Kisha waliziangalia familia zilizoingia kabla ya mwisho wa 1985, ili wasichanganye wale waliohamia baadaye kwa kufuata hati.

Nyumba zilitofautiana wazi. Kwenye viwanja vyenye hati kuta na mapaa yalikuwa ya vifaa bora, eneo lililojengwa lilikuwa kubwa kwa kama asilimia 12, na kipimo cha jumla cha ubora wa nyumba kilikuwa juu kwa takriban asilimia 37. Wajenzi ni maskini wale wale, kwa mishahara ile ile. Mtu asiye na hati naye hujenga, lakini hujenga cha leo, kwa mabati na mbao zinazoweza kung'olewa. Aliye na hati huweka tofali ambalo mjukuu atalikuta.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mabadiliko ambayo wengi hawakuyatarajia. Kaya zenye hati zilikuwa na watu 5.11 kwa wastani, zisizo na hati 6.06. Ndugu wa nje ya familia ya baba, mama na watoto walikuwa wachache zaidi, na wakuu wa kaya walipata watoto wachache baada ya hati. Maelezo yanayokubalika ni mawili. Kwanza, nyumba iliyo yako kwa sheria ni akiba ya uzeeni, kwa hiyo hitaji la kuwa na watoto wengi wa kukutunza linapungua. Pili, mwenye hati ana uwezo zaidi wa kuamua nani akae kwake na kwa muda gani. Asiye na hati anahitaji watu wengi nyumbani ili pasionekane patupu. Watoto wa kaya zenye hati walikaa shuleni muda mrefu zaidi, na walikuwa karibu maradufu ya wenzao katika kumaliza sekondari.

Mikopo ndiyo iliyokwama. Hoja maarufu ya Hernando de Soto, mwanauchumi wa Peru, ni kwamba maskini wana mali nyingi iliyolala kwa kukosa hati, na hati ikipatikana benki zitaifanya kuwa mtaji. Serikali nyingi ziliipokea hoja hiyo. Tanzania ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, mwaka 2004 ikifanya kazi na taasisi ya de Soto iliyoko Lima. Huko Solano, baada ya zaidi ya miaka 10 ya kushika hati, ni kama asilimia 4 tu ya viwanja vyenye hati vilivyopata mkopo wa rehani. Katika kadi za benki, akaunti na mikopo mingine, wenye hati na wasio nayo walikuwa sawa. Kipato cha kazi nacho hakikutofautiana.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Solano inafundisha kwa namna ya pekee kwa sababu kila kitu cha kitaifa kilikuwa kimoja kwa pande zote mbili: serikali moja, mahakama zile zile, benki zile zile, sarafu ile ile. Kilichotofautiana ni karatasi tu. Kwa hiyo kilichobadilika kati ya njia mbili za mtaa kinatuonyesha sehemu ya ustawi inayobebwa na hati yenyewe. Kile ambacho hakikubadilika kinatuelekeza kwenye sehemu inayobebwa na dola nzima, ambayo hati haiwezi kuileta peke yake.

Wanauchumi Daron Acemoglu na Simon Johnson waliwahi kutenganisha taasisi za aina mbili katika kulinganisha mataifa. Kuna zile zinazomkinga mtu asinyang'anywe mali na serikali au wenye nguvu. Kuna zile zinazowawezesha raia wawili kutekelezeana mikataba: mkopeshaji na mkopaji, muuzaji na mnunuzi. Walikuta kwamba katika tofauti za utajiri za muda mrefu, aina ya kwanza ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa udhaifu wa mikataba watu huuzunguka kwa njia nyingine, kama kukopeshana kwa kujuana. Dhidi ya serikali inayopora hakuna njia ya kuzunguka. Kazi hii ni sehemu ya utafiti uliowapatia wao na James Robinson Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024.

Itazame Solano kwa macho hayo. Hati iliwapa wakazi kinga ya aina ya kwanza, nao waliitikia pale pale ambapo kinga hiyo inahusika: tofali, uzazi, shule, mambo ambayo faida yake huja baada ya miaka. Hawakuhitaji benki. Walijenga kwa akiba zao ndogo, chumba baada ya chumba, kama tunavyojenga wengi wetu Tandika au Kisauni.

Kumbuka pia kwamba wasio na hati hawakuwa wakiishi kwa hofu ya tingatinga kila asubuhi. Sheria ya 1984 ilikwisha kusema ardhi itakuwa yao, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza tena. Hata hivyo walijenga kwa kusitasita. Tofauti iliyopimwa, basi, ni kati ya ahadi ya serikali na hati mkononi. Kama upande wa pili wangekuwa kweli katika hatari ya kuondolewa, yaelekea pengo lingekuwa pana zaidi.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kwa nini benki hazikuja? Jiweke kwenye kiti cha mkopeshaji. Kiwanja ni kidogo, mtaani kwa maskini, na kwa miaka 10 hakiruhusiwi kuuzwa. Mkopaji hana hati ya mshahara, kwa kuwa anafanya vibarua. Akishindwa kulipa, itabidi uende kwenye mahakama zile zile ambazo zimeshindwa kumaliza kesi 4 za fidia kwa karibu miongo miwili. Ukishinda, utapata nyumba ambayo majirani hawatakubali kumwona mwenzao akitolewa. Gharama ya kuikomboa dhamana inazidi thamani ya mkopo. Karatasi ya mkopaji ni safi, ila mashine inayopaswa kuigeuza kuwa fedha imekufa.

Na hapo bado hatujagusa sarafu. Hati zilitolewa mwaka 1989, mwaka ambao mfumuko wa bei Argentina ulipita asilimia 3,000. Desemba 2001 serikali ilizuia watu kutoa fedha zao benki, na mwanzoni mwa 2002 ilibadilisha kwa amri mikataba ya dola kuwa ya peso. Nchi ambayo serikali inaweza kuuandika upya mkataba wako usiku mmoja haiwezi kuwa na soko la mikopo ya miaka 20, hata kila kiwanja kikiwa na hati. Argentina ilikuwa miongoni mwa nchi zenye kipato kikubwa duniani mwanzoni mwa karne ya 20, na iliporomoka ardhi yake ikiwa na rutuba ile ile. Mapinduzi ya mara kwa mara tangu 1930, majaji wa mahakama ya juu kuondolewa na watawala wapya, na amana za watu kuguswa, ni mambo ambayo mwenye kiwanja Solano hawezi kuyatibu kwa hati yake.

Ucheleweshaji wa kesi ni kushindwa kwa namna ya pili, na kwangu ndiko kunakouma zaidi. Wamiliki watano walikuwa na haki ya kudai bei bora. Ndiyo maana ya utawala wa sheria. Lakini kwa kila mwaka wa kuahirishwa, gharama ilibebwa na familia zisizokuwa mezani. Watoto waliozaliwa kwenye vipande vile walimaliza umri wa shule kabla ya hukumu. Jimbo lingeweza kutenganisha mambo mawili: ardhi ihamishwe kwa wakazi mara fidia ya awali inapowekwa mahakamani, na ubishi wa kiasi cha nyongeza ubaki kati ya mmiliki na hazina. Kuunganisha umiliki na bei katika kesi moja ndiko kulikowafunga wakazi.

Kasoro ya tatu ilionekana taratibu sana hivi kwamba ni rahisi kuikosa. Watafiti hao hao waliporudi kufuatilia viwanja vyenye hati, walikuta sehemu isiyo ndogo imerejea nje ya sheria. Hakuna aliyewanyang'anya. Mwenye jina alifariki na warithi hawakufungua mirathi. Wanandoa waliachana na mmoja akabaki kwenye nyumba bila kubadilisha jina. Mwingine aliuza kwa makubaliano ya mkono. Ada za wakili, mahakama na usajili zilikuwa kubwa mno kwa nyumba ya thamani ndogo. Kizazi cha kwanza kilikabidhiwa hati na serikali, cha pili kikatakiwa kuilipia kwa bei ya matajiri.

Kenya inaijua hali hii kwa undani. Usajili wa ardhi ulioanza na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitoa hati kwa mashamba mengi, hasa nyanda za kati. Miaka ilipopita, majina mengi daftarini yalibaki ya mababu waliokwisha kuzikwa, huku wajukuu wakigawana shamba kwa mipaka ya miti wanayoijua wenyewe. Daftari lilisema jambo moja na shamba likasema jingine.

Mipaka ya kisa

Solano ni mtaa wa mjini, wenye watu waliotoka sehemu mbalimbali. Kwenye ardhi ya ukoo au ya kijiji, kinga dhidi ya kunyang'anywa inaweza kuwa tayari imetolewa na wazee na mila, na hati ya mtu mmoja ikawa ndiyo inayowapokonya mjane, mdogo mtu na mfugaji haki zao za kutumia. Asilimia 37 ya Solano haibebeki hadi Mbozi au Kwale.

Pia mtaa mmoja haupimi taifa. Kisa kinathibitisha kwamba usalama wa umiliki husababisha watu kuwekeza, jambo ambalo takwimu za nchi na nchi haziwezi kulithibitisha kwa usafi huu. Hakituambii ni kiasi gani cha pengo kati ya nchi kinatokana na hilo.

Anayetathmini mradi wa urasimishaji popote pale anaweza kuchukua kipimo kimoja kutoka hapa. Idadi ya hati zilizogawiwa siku ya sherehe haionyeshi mengi. Chukua viwanja kadhaa vilivyopewa hati miaka 10 iliyopita, soma jina lililoko kwenye daftari la msajili, kisha nenda ukagonge mlango uone nani anafungua. Pale ambapo jina na mtu havifanani, uliza ilikuwa ni kifo, talaka au mauzo, na uliza ingegharimu kiasi gani na miezi mingapi kubadilisha jina kihalali. Linganisha gharama hiyo na kipato cha mwezi cha aliyefungua mlango.